Kumetokea Kosa

Tangazo la kwanza aliloandika binamu yangu kurekebisha bei lilisema hivi: “Kumetokea kosa la uchapaji katika kipeperushi chetu. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.” Aliniletea nimsahihishie Kiswahili. Sikuona pa kusahihisha, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na mashaka nalo.

Binamu anauza magodoro Mwanza. Alikuwa amechapisha vipeperushi 500 na kuvigawa stendi, sokoni na barabara ya kwenda Kisesa. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8, analiuza shilingi 285,000. Kipeperushi kikasema 258,000. Tarakimu mbili tu zilipishana. Nilipomuuliza zilipishana mikononi mwa nani, alinionyesha simu. Mchapaji alikuwa amemtumia sampuli usiku, yeye akaangalia picha ya duka na namba yake ya simu, akajibu, “Sawa, chapa.”

Kwa hiyo lile “kosa la uchapaji” halikuwa kweli. Na “kumetokea” ni neno la ajabu ukilitazama vizuri: kosa linatokea mahali, kama mvua, bila mtu kulitenda. Ofisi zetu zinalipenda mno. Hata “usumbufu utakaojitokeza” unasukumwa mbele, kana kwamba bado haujafika, ilhali siku ya pili tu alishakuja mama mmoja kutoka Kisesa na kipeperushi mkononi. Alifungua fundo la kanga akahesabu 258,000 kamili juu ya kaunta. Kijana wa duka akamwambia, “Mama, hiyo bei imekosewa.” Mama akauliza, “Sasa mwanangu, nauli yangu nayo imekosewa?” Akafunga fundo lake, akaondoka.

Kisheria binamu alikuwa na pa kujificha. Katika sheria ya mikataba tuliyoirithi kwa Waingereza, tangazo la bei kwa kawaida ni mwaliko tu wa kuja kununua. Mkataba unafungwa pale muuzaji anapoikubali pesa. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na mtu anayejua bei ni ya uongo kisha akaendelea kugawa karatasi hizo hawezi tena kusema amepitiwa. Jambo la kwanza, basi, lilikuwa kukusanya vipeperushi vilivyobaki.

La pili lilikuwa hesabu. Godoro hilo, pamoja na usafiri, linamfikia kwa 251,000. Akiuza kwa bei ya kipeperushi bado anapata 7,000. Nilimwambia hapo hana sababu ya kuikimbia karatasi yake mwenyewe. Ingekuwa sifuri moja imeanguka, bei ikasomeka 28,500, ningemshauri vinginevyo: bei hiyo kila mtu angeona si ya godoro, na kumrudishia nauli aliyetoka mbali kungetosha. Lakini 258,000 ni bei inayoaminika. Mtu ameipangia, pengine amekopa.

Tukaandika upya, tumeketi juu ya magodoro: “Tulikosea bei. Kipeperushi tulichogawa wiki hii kinasema godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8, ni 258,000. Bei yake ni 285,000. Kosa ni letu. Tuliona sampuli tukaipitisha bila kuisoma. Ukija na kipeperushi hicho kabla ya Jumamosi kufungwa duka, utauziwa kwa 258,000. Uliyelinunua wiki hii kwa 285,000, njoo na risiti urudishiwe 27,000.”

Sentensi ya mwisho ndiyo tuliyobishania hadi chai ikapoa. Watu wanne walikuwa wameshalipa bei kamili, na hakuna aliyelalamika. “Hawajui,” alisema binamu. Nikamwambia wakisoma tangazo watajua, na watajua pia kwamba sisi tulijua. Jumla ilikuwa 108,000. Alinyamaza kidogo, akaiandika kwa mkono wake.

Tangazo likabandikwa mlangoni kwa herufi kubwa zilezile za bei ya kwanza, na nakala zikapelekwa stendi, sokoni na Kisesa, kulikogawiwa kosa. Wengi hapa hukosea tena: bei hutangazwa kwa kipaza sauti, marekebisho yakanong’onezwa kwenye kikaratasi nyuma ya kaunta.

Hadi Jumamosi walikuja kumi na mmoja na vipeperushi. Kati ya wale wanne, watatu walirudi na risiti. Tulimwagiza kondakta wa daladala ya Kisesa amtafute yule mama, na godoro lake tukaliweka pembeni kwa bei ya 258,000. Jumamosi imeshapita, na bado hatujaliuza.