Maji Yanaokoa Koo, Meno Yanataka Zaidi

Wanangu, siki ya tufaha imeshaingia majumbani mwenu na sitawaambia muimwage. Ninachotaka ni mjue mnachokunywa. Nawasikia mkiulizana, "Vijiko vingapi kwa glasi?" na jibu mnalopeana ni lile lile: weka maji, haitakudhuru. Jibu hilo ni kweli nusu. Maji yanaokoa koo. Meno hayaokoki kwa maji peke yake, na hilo ndilo lililonikalisha niandike, maana nimefanya kazi ya meno tangu ujanani hadi nilipostaafu.

Kwanza tuipe siki haki yake. Kinachofanya kazi ndani yake ni asidi ya asetiki, ambayo kwenye chupa nyingi ni kama asilimia 5. Ukiila pamoja na wanga, iwe ugali, wali au mkate, chakula kinachelewa kidogo kushuka kutoka tumboni, na sukari inapanda kwenye damu taratibu badala ya kuruka kwa mkupuo. Watafiti wa Sweden walilionyesha hilo mwaka 2005 kwa mkate mweupe ulioliwa na siki, na siki yenyewe haikuwa ya tufaha. Siki nyeupe ya kawaida ya dukani, yenye asilimia 5 ile ile, ina asidi ile ile.

Kuhusu unene, Wajapani walitoa matokeo yao mwaka 2009. Watu wanene walikunywa kwa wiki 12 kinywaji cha nusu lita kwa siku, ndani yake mkiwa na mililita 15 au 30 za siki. Walipungua kati ya kilo moja na mbili hivi, na walipoacha uzito ukaanza kurudi. Zile habari za kilo 6 mpaka 8 zilizozagaa mwaka 2024 zilitokana na utafiti wa vijana wa Lebanon. Jarida lililouchapisha liliufuta mwaka 2025, kwa kuwa takwimu zake hazikuaminika. Basi anayekuahidi mwili mpya kwa chupa ya siki anakuahidi kitu ambacho hakijaonekana.

Sasa meno. Ukali wa asidi hupimwa kwa pH, na namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi. Siki iko kati ya 2 na nusu na 3. Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Ukitia kijiko cha chakula cha siki kwenye glasi ya maji ya mililita 250, utadhani umeimaliza nguvu. Lakini asidi ya namna hii ukiizimua mara kumi nzima, pH yake inapanda kwa nusu namba tu. Glasi yako bado iko kwenye 3 na kitu. Maji yamepunguza kiasi cha asidi kinachogusa koo kwa mkupuo, tena mate yanapata wepesi wa kuisafisha, na hiyo ni faida kubwa. Jino hata hivyo bado limeoga kwenye asidi, na kinachoamua hasara yake ni muda na mara ngapi.

Niwape mfano wa binti niliyemwona karibu. Alikuwa makini: kijiko kimoja kwenye chupa ya lita moja, limau ndani, asali kidogo. Aliibeba kazini akawa anapiga funda moja moja tangu asubuhi hadi jioni. Kila funda lilipoingia, mate yalihitaji kama nusu saa kurudisha kinywa mahali pake, na kabla nusu saa haijaisha alishapiga lingine. Meno yake hayakupumzika kutwa nzima. Limau liliongeza asidi, asali ikarudisha sukari aliyokuwa anaikimbia. Tena kila asubuhi alianza na funda, kisha akapiga mswaki papo hapo ili kuondoa harufu, mswaki ukasugua enameli iliyokuwa imelainika.

Alikuja akilalamika maji ya baridi yanamchoma. Nilimwambia afungue kinywa kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za meno ya mbele ya juu zilipitisha mwanga kama kioo, uso wa jino ulikuwa laini mno, hauna mistari midogo ya kawaida, na karibu na fizi rangi ya manjano ilikuwa inajitokeza. Ile manjano si uchafu. Ni dentini, tabaka la ndani, linaonekana kwa sababu la juu limekuwa jembamba. Enameli iliyokwisha hairudi. Mwaka 2012 madaktari wa meno wa Uholanzi waliandika habari za msichana wa miaka 15 aliyekuwa akinywa glasi ya siki ya tufaha kila siku ili apungue, naye meno yake yalikuwa yameliwa na asidi.

Koo nalo lina kisa chake. Siki isiyozimuliwa inaweza kuunguza umio, na wanaoipiga kama dawa ya kikombe kidogo asubuhi, tumbo tupu, ndio wanaoamka na kiungulia na sauti iliyokauka. Msidhani vidonge vya siki ni njia salama. Mwaka 2005 iliandikwa habari ya mwanamke ambaye kidonge kilimkwama kooni, akabaki na maumivu na shida ya kumeza kwa miezi. Vidonge vya namna hiyo vilipopimwa, kilichokuwemo hakikulingana na kilichoandikwa kwenye lebo.

Ukishikilia kuinywa, anza na kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwenye glasi kamili ya maji. Ikikukubali unaweza kufika kijiko cha chakula kimoja, mililita 15, wala usipunguze maji. Pima kwa kijiko cha dawa, maana vijiko vya jikoni havilingani. Kunywa pamoja na chakula, kwa mrija unaopita nyuma ya meno, uimalize pale mezani. Sukutua kwa maji matupu, kisha ungoje angalau nusu saa kabla ya mswaki. Mimi hata hivyo ningekuambia uitie kwenye kachumbari: nyanya, kitunguu, tango na kijiko cha siki, kando ya ugali. Wanga upo, siki ipo, na kutafuna kunaleta mate mengi.

Wenye kisukari nawasemesha peke yao. Siki haichukui nafasi ya metformini wala ya daktari. Kama unajidunga insulini au unameza glibenklamidi, dawa inaweza kushusha sukari wakati chakula bado kimeng'ang'ania tumboni, ukajikuta unatetemeka, jasho linakutoka, moyo unadunda. Hapo meza kitu cha sukari mara moja, halafu umweleze daktari kuhusu siki. Ambaye kisukari kimeshalegeza tumbo lake, akishiba kwa mafunda mawili na chakula kikikaa saa nyingi, siki itamzidishia. Wanaotumia dawa za kutoa maji mwilini au digoksini waulize kwanza, kwa sababu siki nyingi ya muda mrefu imewahi kushusha potasiamu. Austria waliandika mwaka 1998 juu ya mwanamke wa miaka 28 aliyekunywa mililita 250 kila siku kwa miaka sita. Potasiamu yake ilishuka, na mifupa ikapungua uzito.

Na wewe ambaye umekuwa ukiinywa kwa muda, simama leo kwenye kioo mchana, utazame ncha za meno yako ya juu. Zikipitisha mwanga, au chai ya moto ikikuchoma kwa namna isiyokuwepo zamani, acha siki ya kunywa wiki hii hii na uende kwa daktari wa meno. Umwambie ulikunywa nini, kiasi gani, na kwa muda gani.