Mwamba Ngoma

Mwamba ngoma, husema wazee, ngozi huivutia kwake. Sijui methali imfaayo zaidi mwalimu aliyeazimia kuichunguza shule ile ile anayofundisha. Ngoma ni yake, ngozi ni yake na mikono inayovuta ni yake. Hata akijitahidi kuvuta sawasawa, upande mmoja utakazwa kuliko mwingine. Je, mtu wa namna hiyo aweza kuaminiwa?

Swali hili lilinikabili nilipofundisha katika shule moja ya kutwa huko Igembe, Meru, kwenye miteremko ya vilima vya Nyambene. Mti wa riziki huko ni miraa. Machipukizi yake huchumwa mapema, hufungwa kwa majani ya mgomba yasinyauke, kisha hukimbizwa mjini siku ile ile, maana yakichelewa hupoteza ladha na bei. Kuikwea miti mikongwe, iitwayo mbaine, ni kazi ya miili myepesi. Kwa hiyo wavulana huitwa mashambani, na madawati hubaki wazi. Nilikuwa nikisoma chuo kikuu wakati wa likizo, nikataka kujua kwa nini wavulana wetu hukosa masomo.

Yeyote atakaye kufanya utafiti katika Kenya hupaswa kupata kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Nilikipata. Lakini kibali husema kwamba mtu ameruhusiwa kuuliza. Hakisemi kwamba atasikia vizuri. Kwa ajili hiyo mtafiti hutakiwa kuandika mwanzoni mwa kazi yake ukurasa mmoja au zaidi wa kujieleza yeye ni nani, amesimama wapi, na mahali hapo pamemwonyesha nini na kumficha nini. Nilidhani ukurasa huo ni kazi ya jioni moja. Ulinichukua mwaka mzima.

Mara ya kwanza niliandika hivi: baba yangu aliuza miraa, na fedha hizo zilinilipia karo, kwa hiyo huenda nikaitetea. Tena mimi ndimi mwalimu wa nidhamu; kwa hiyo huenda nikawalaumu wavulana. Nikajipongeza. Niliona kwamba pendeleo moja lavuta kulia na jingine lavuta kushoto, basi mizani itasimama. Hesabu hiyo ilikuwa ya kitoto, na nitaeleza sababu.

Kabla ya kuuliza mtu yeyote niliandika jibu nililolitazamia, nikalitia katika bahasha na kuifunga kwa gundi. Niliandika kwamba wavulana hutoroka kwa tamaa ya fedha bei ya miraa inapopanda. Kisha nikawaita wavulana sita, mmoja mmoja, ofisini mwangu. Wote sita walisema, “Ni tamaa ya fedha, mwalimu.” Nilifurahi mpaka usiku, nilipoyasoma maandishi yangu. Maneno “tamaa ya fedha” ndiyo niliyoyatumia kila Jumatatu gwaride la asubuhi. Sikuwa nimesikia wavulana. Nilikuwa nimesikia mwangwi. Na ni mvulana gani angejibu vinginevyo mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kumrudisha nyumbani?

Niliyaweka kando mahojiano hayo, ila sikuyachoma, kwa kuwa kosa nalo ni ushahidi. Nikamtafuta kijana mmoja asiye mwalimu wetu, anayesema Kimeru cha Igembe, akazungumze nao nje ya ua wa shule. Wazazi waliombwa idhini, na wavulana wenyewe wakaulizwa kama wataka, wakaambiwa kwamba waweza kuacha wakati wowote. Majina hayakuandikwa. Baadhi ya wazazi walikataa. Tangu Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, watu wengi wa huko humtilia shaka kila mtu aulizaye habari za zao hilo, wala siwalaumu.

Majibu yakabadilika. Mvulana mmoja alisema, “Sikwenda kuchuma kwa kuwa nilipenda. Jina langu lilisomwa.” Serikali ilianza mwaka 2008 kulipia masomo katika shule za kutwa, lakini chakula cha mchana kilibaki juu ya mzazi. Katika shule yetu waliochelewa kukilipia walisomwa majina mbele ya wote na kurudishwa nyumbani. Na msomaji wa majina alikuwa mimi.

Neno la mvulana mmoja si ushahidi wa kutosha. Nilichukua rejista ya mahudhurio, na kando yake nikaweka daftari langu lenye siku nilizosoma majina, pamoja na siku ambazo wakulima walikumbuka kuwa bei ilikuwa nzuri. Kutokuwapo kulikusanyika zaidi baada ya siku za majina. Mvulana alirudishwa leo, kesho akapanda mbaine, na baada ya siku chache akarudi na fedha ya chakula mfukoni. Walikuwapo pia waliotoweka siku za bei nzuri bila kudaiwa chochote; dhana yangu haikuwa uongo mtupu. Lakini ilikuwa imeiweka shule yangu, na mimi mwenyewe, nje ya picha.

Hapo ndipo nilipoona kasoro ya mizani yangu. Mwana wa miraa na mwalimu wa nidhamu walibishana juu ya mambo mengi, lakini katika jambo moja walipatana: kwamba mwenye kosa asiwe mimi.

Yuko mtu aliyelipitia jambo hili zamani. Jomo Kenyatta aliandika juu ya Wakikuyu wenziwe alipokuwa akisoma London kwa Profesa Malinowski, na kitabu chake kikatoka mwaka 1938. Katika dibaji alijieleza: rika lake, malezi yake, kazi yake ya siasa. Alifanya vema kusema. Lakini, kwa maoni yangu, alijieleza zaidi ili aaminiwe: nimeyaishi haya, basi nayajua. Hiyo ni nusu moja ya ukurasa. Nusu ya pili humwambia msomaji mahali gani pa kumtilia mwandishi shaka.

Niliitafuta nusu hiyo ya pili kwa msaada wa mwalimu rafiki yangu wa Embu. Nilimpa maandishi ya mahojiano bila kumwambia maoni yangu, ayapange kwa sababu alizoziona yeye, kisha tukalinganisha. Tulipotofautiana hatukugawana katikati, bali tulirudi kwenye maneno ya mvulana. Mara mbili alinionyesha kwamba neno “kufukuzwa” nililiandika “kuondoka”. Yeye naye si malaika. Jamaa zake wa Mbeere hulima muguka, naye hukasirika upesi mtu akiusema vibaya. Lakini jicho lake halikufumbwa mahali pale pale lilipofumbwa langu.

Yako mambo ambayo hatukuweza kuyatengeneza. Wavulana walioacha shule kabisa hatukuwapata. Na yule kijana mwulizaji alijulikana kuwa ametumwa na mimi, hivyo yawezekana baadhi yao walizipima kauli zao.

Ukurasa wangu sasa waanza hivi: “Mwandishi ndiye aliyesoma majina. Msomaji atakapokuta mahali shule inaposemwa kwa upole, na asome mara ya pili.” Mwalimu mkuu aliposoma maneno hayo aliniuliza kama sina haya. Nilimwambia kwamba ninayo, kisha nikamwomba kazi ya kusoma majina ihamishwe kutoka gwarideni, wazazi wapigiwe simu badala yake. Alisema atafikiri.