Ukishaila Ngome, Mwangalie Farasi

Wanangu mnaocheza sataranji barazani hapa Mji Mkongwe, nina neno nanyi. Nimewaona mkila ngome ya mwenzenu kwa farasi wenu, mkacheka, mkaagiza kahawa, na nusu saa baadaye mkapeana mkono kwa sare. Ngome huhesabiwa tano na farasi tatu. Mbili hizo ulizozidi hazikushindii mchezo zenyewe.

Jana kijana wetu alikuwa na ngome mbili, d1 na d2, na askari a2, b3, f2, g2, h2. Mfalme wake yuko g1. Mwenzake ana ngome moja a8, farasi c5, mfalme g8, na askari a7, b6, f7, g7, h6. Zamu ni ya kijana. Akasukuma askari b4 kumfukuza farasi. Farasi akaruka e4, akaitisha ngome ya d2. Ngome ikakimbilia d4, farasi akatua c3, akaitisha ngome ya pili pamoja na askari wa a2. Kijana akaikimbiza ngome e1, na a2 akaliwa. Tangu hapo akawa anakimbizwa yeye.

Sasa tazameni njia iliyokuwa mbele yake. Ngome d8, mfalme wa mwenzake ametishwa. Akikimbia, ngome yake ya a8 inaliwa, basi hana budi kula. Ngome ya pili inakula tena d8, mfalme anakwenda h7. Ubaoni imebaki ngome moja dhidi ya farasi peke yake. Ngome inakwenda a8 kumtisha askari wa a7, naye anasogea a5. Ngome b8 inamtisha wa b6, farasi anarudi d7 kumlinda. Ngome b7! Farasi akiondoka, b6 analiwa. Akibaki, analiwa mwenyewe.

Ndiyo maana ukizidi ngome, badilisha ile ngome ya mwisho ya mwenzako. Ikishatoka, mistari iliyo wazi yote ni yako, na farasi hana wa kushirikiana naye. Lakini msimwachie mahali pa kutua ambapo askari wenu hawawezi kumfukuza. Zurich mwaka 1953, Petrosian alimpa Reshevsky ngome kwa tembo kwa hiari yake, akamkalisha farasi d5, asiondolewe, na mchezo ukaisha sare.

Na jambo la mwisho, ndilo linalowaponza wengi: badilisheni vigogo, msibadilishe askari wote. Ngome na mfalme dhidi ya farasi na mfalme, bila askari hata mmoja, kwa kawaida ni sare, maadamu farasi hakai mbali na mfalme wake. Anayekupa ushindi ni yule askari mmoja atakayefika mwisho wa ubao. Mtunzeni, na kabla hamjagusa kete, ulizeni kwanza: farasi wa mwenzangu ataruka wapi?