Mzee na kijana, kosa moja

Tuseme wewe ni msimamizi wa shamba la ng'ombe huku Burungu, una miaka 30, na maziwa yanakwenda kwa mtengeneza jibini. Asubuhi kipimo kinaonyesha lita moja haifiki gramu 1,028: inaelekea yametiwa maji. Madumu mawili yana kasoro, moja la kijana wa miaka 19, jingine la mzee aliyechunga ng'ombe kabla hujazaliwa.

Kijana mwite pembeni, umwambie wazi: "Mdogo wangu, maziwa yako ni mepesi. Kesho tutapima pamoja kabla hujamimina." Kisha akueleze mwenyewe atakavyofanya, kwa maana vijana wengi huitikia "ndiyo" kwa woga tu.

Kwa mzee, nenda wewe alipo. Msalimu, uliza habari za nyumbani, ndipo umwonyeshe kipimo: "Papa, maziwa ya leo yamepungua uzito. Unaona yameharibikia wapi?" Huenda akakumbuka dumu lilioshwa likabaki na maji. Swali hilo linampa nafasi ya kusahihisha bila kuaibishwa mbele ya wajukuu.

Hatari ipo hapa: heshima ikizidi, ujumbe unapotea. Mzee anaweza kudhani umekuja kumjulia hali. Kwa hiyo kabla ya kuaga sema, "Papa, kesho yasiposhika uzito sitayapokea." Sauti iwe ya chini, lakini neno "sitayapokea" lisikike. Na kijana naye asikie hilo hilo, maana akiona la mzee linapokelewa, kesho atakuja na dumu jepesi na hoja mkononi.