Kanzu Iliyoliwa na Burashi

Kijana mmoja wa Likoni alianza udobi kwa beseni mbili, burashi na kisima kilichokuwa nyuma ya nyumba. Alichagua sabuni ya mche. Aliwaona wazee wote wakiitumia, na tena kilo moja aliipata kwa shilingi 200 wakati kilo ya sabuni ya unga ilikuwa 280. Hesabu hiyo ilimtosha.

Mwezi wa kwanza haukwisha kabla mteja hajarudisha kanzu nyeupe akilalamika kwamba imeingia ukijivu na chini ya pasi inatoa harufu ya mafuta. Kijana akaona ni uchafu uliobaki. Akapaka mche maradufu, akaisugua kola kwa burashi, akasuuza. Ilipokauka ilikuwa ngumu, na ukijivu uko palepale. Akarudia, safari hii kwa nguvu zaidi. Kanzu ilipofika tena kwa mwenyewe, mkunjo wa kola ulikuwa umechanika na nyuzi zinachomoza kama manyoya. Ilimbidi ailipe.

Dobi mmoja mzee wa mtaa ule alimwita akamwambia, "Mwanangu, lete chupa mbili."

Moja wakaitia maji ya mvua na nyingine maji ya kisima. Katika kila chupa mzee akadondosha vipande vya sabuni alivyoparuza kwa kisu, kisha akazitikisa. Ya mvua ilijaa povu zito lililosimama. Ya kisima ilibadilika rangi kama maziwa, povu likafa papo hapo, na vikaelea vijipande vyeupe vilivyonata kwenye shingo ya chupa.

"Huo ndio ukijivu wako," mzee akasema. "Si uchafu wa mteja, ni sabuni yako mwenyewe."

Ardhi ya pwani ile ni mawe ya matumbawe, na maji yanayopita humo huyeyusha chokaa. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali. Ikikutana na chokaa hugeuka utando usioyeyuka, ambao hukamata uchafu na kujishikiza katikati ya nyuzi. Ukiongeza mche unaongeza utando, na burashi haiutoi. Inachofanya ni kula kitambaa. Sabuni ya unga haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, kwani imetengenezwa kwa viambato visivyogandishwa na chokaa, na ndani yake huwa na magadi yanayolainisha maji.

Hapo hesabu ya dukani ikageuka. Kwa maji ya kisima, mche wa shilingi 200 ulimfulia kijana nguo 20 hivi, yaani shilingi 10 kwa nguo. Unga wa 280, akiweka gramu 50, yaani vijiko vinne vya mezani, kwenye beseni ya lita 10 yenye nguo tano, ulimfulia nguo 100. Haikufika shilingi 3 kwa nguo. Sabuni ya maji ya kufulia aliinunua 400 kwa lita, naye akiweka mililita 50 kwa beseni alipata shilingi 4.

Kijana akahamia kwenye unga moja kwa moja, na hapo akaingia kwenye kosa la pili. Alimwaga unga juu ya leso nyeusi zilizokwisha loweshwa, akaziacha usiku kucha. Asubuhi zilikuwa na madoa ya weupe pale chembe zilipokaa bila kuyeyuka. Pamba huvumilia magadi, lakini rangi iliyotiwa juu yake si lazima ivumilie, na baadhi ya unga huwa na dawa ya kung'arisha inayochujua rangi. Unga huyeyushwa kwanza, nguo ndipo ziingie, na nusu saa ya kuloweka yatosha. Hariri na sufu zisiuone kabisa: nyuzi zake zatokana na wanyama, na unga mwingi huwa na vimeng'enya vinavyokula damu na jasho, ambavyo hula na nyuzi hizo pia.

Sabuni ya maji huyeyuka mara moja na kwa kawaida haina ukali huo, kwa hiyo kwa leso, vitenge na nguo laini shilingi ile moja ya ziada ni rahisi kuliko leso iliyochujuka. Kwenye kola iliyoshika weusi ni dhaifu. Hapo mche bado ni bora kuliko zote, ila upakwe kwenye doa tu, kwa maji ya mvua, na ufikichwe kwa vidole.

Wewe unayefulia maji ya kisima, fanya jaribio la chupa leo kabla hujanunua mche mwingine. Ukiona vijipande vyeupe, weka burashi chini.