Sifuri Iliyo Kwenye Daftari la Mahudhurio

Wanangu mnaoshika filimbi mashuleni, michezo ya UMISSETA inakaribia na kambi zitafunguliwa. Nina neno moja la kuwaonya: msiitazame timu kwa jumla mkamsahau mtoto aliyekosa mazoezi. Huyo ndiye anayeumia kwanza, na daftari lenu linaweza kumtaja mapema mkijua kulisoma.

Njia yenyewe haina gharama. Mtaalamu wa mazoezi wa Marekani, Carl Foster, aliieleza kwa mapana mwaka 2001, akitumia ngazi ya juhudi iliyotokana na kazi ya Gunnar Borg wa Uswidi. Mazoezi yakiisha, subirini kama nusu saa, kisha mwulizeni kila mchezaji: leo yalikuwa mazito kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10? Sifuri ni kupumzika, 3 ni wastani, 5 ni mazito, 7 ni mazito sana, 10 ni mwisho wa uwezo wake. Zidisheni namba hiyo kwa dakika alizofanya, mtapata mzigo wake wa siku. Nusu saa hiyo msiifupishe, kwa sababu mtoto akiulizwa akiwa bado anahema, atawajibu juu ya mbio za mwisho tu.

Mwulizeni pembeni, mmoja mmoja. Akijibu mbele ya wenzake atasema 3 ili asionekane dhaifu. Na siku mtakayomweka mtu benchi kwa sababu alisema 9, mjue hamtapata tena jibu la kweli kutoka kwa yeyote.

Sasa chukueni mfano wa winga wa timu ya wasichana. Wiki yake ya kawaida: Jumatatu dakika 60 kwa juhudi ya 4, ni 240. Jumatano dakika 75 kwa 5, ni 375. Ijumaa kama Jumatatu, 240. Jumamosi mechi ya dakika 80 kwa 7, ni 560. Jumla 1,415. Kisha anashikwa na malaria, wiki nzima hayupo: sifuri. Wiki inayofuata anakuja siku moja, dakika 60 kwa 5, basi 300. Halafu kambi inaanza, asubuhi dakika 60 na jioni dakika 75. Wenzake wanasema 4 na 5, na wastani wa timu unampendeza kocha. Yeye anasema 7 na 8. Hesabu yake ya siku hiyo moja ni 420 na 600, yaani 1,020. Katika siku moja amebeba zaidi ya mara tatu ya mzigo wa wiki yote iliyotangulia.

Ishara imo ndani ya ile 7. Zoezi ni lilelile alilokuwa akiliita 4 kabla ya kuugua. Kwa hiyo kabla ya mazoezi andikeni juhudi mliyokusudia, kisha linganisheni na jibu la kila mmoja. Tofauti ya ngazi moja iacheni ipite. Ikiwa ngazi tatu kwa siku mbili mfululizo, mwiteni mzungumze: amelala saa ngapi, amekula nini, goti linauma? Namba haitawaambia anaumwa nini, wala haitabiri jeraha. Kazi yake ni kuwaonyesha wa kuulizwa.

Winga huyo msimrudishe nyumbani. Mpeni kipindi cha asubuhi peke yake, jioni atembee na mpira bila mbio. Zoezi analolijua likirudi kuitwa 4 au 5, mwongezeeni nusu ya kipindi cha jioni, mtazame siku mbili, ndipo mwongeze tena.

Lakini yote haya yanategemea mahudhurio yaliyoandikwa vizuri, na hapo ndipo nawaona vijana wengi wakizembea. Alama ya vema na mkasi haitoshi. Aliyetoka dakika ya 30 aandikiwe 30. Asiyekuwepo aandikiwe sababu: homa, ada, ruhusa, msiba. Aliyekosa kwa homa na aliyekosa huku akicheza chandimu mtaani kila jioni hawarudi na miili iliyo sawa, ingawa daftari limewapa sifuri wote wawili. Huyo wa pili mwulizeni alicheza muda gani na kwa juhudi ipi, mjaze.

Tena msitunze jumla pekee. Dakika 90 kwa 3 ni 270, na dakika 45 kwa 6 ni 270 vilevile, lakini ile ya pili ndiyo ya mbio kali, na misuli ya nyuma ya paja huijua tofauti hiyo. Wekeni safu mbili, dakika na juhudi, kisha ya tatu ya jumla. Kila Ijumaa jioni pitisheni kidole kwenye jina la kila mmoja, wiki nne nyuma, mkianza na wale wenye sifuri.