Usiku Wa Nani?

Kuna methali niliyoisikia tangu utotoni: mali bila daftari hupotea bila habari. Nimefanya kazi ya ukarani wa zamu ya usiku kwa miaka minne katika kituo cha mafuta huko Mariakani, na methali hii nimeitumia mara nyingi kuwanyamazisha watu. Siku moja ilinigeukia. Daftari lilikuwepo, tena daftari langu mwenyewe, na mali ilipotea ndani yake.

Mariakani ina mizani ya malori. Dereva anayetoka bandarini na mzigo hupimwa pale kabla ya kuendelea na safari ya bara, na wengi hujaza tangi wakati huohuo. Usiku tunafungua pampu mbili za dizeli tu. Zamu inaanza saa kumi na mbili jioni na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Vijana wawili wanashika pampu, mimi nakaa ndani kwenye kijidirisha, napokea pesa taslimu na kuhakikisha malipo ya M-Pesa yameingia.

Ripoti ya mauzo nilikuwa nikiiandika kwa mkono kila asubuhi, macho yakiwa mazito kwa usingizi. Kisha mfumo mpya wa pampu ukaletwa, unaotoa faili ambamo kila mauzo ni mstari mmoja: muda, zamu, lita, shilingi. Nikajifunza fomula mbili tatu na kutengeneza jedwali linalojumlisha lenyewe. Ripoti ya kwanza kutoka kwenye jedwali hilo ilikuwa ya Ijumaa tarehe 10 Mei 2024. Tarakimu za hapa nimezisawazisha ili hesabu ifuatike. Ripoti ilisema: zamu ya usiku, shilingi 291,000.

Meneja aliitazama karatasi, akaiweka mezani.

“Binti, hii si Ijumaa yangu. Ijumaa hapa ni laki nne na ishirini. Miaka yote.”

“Bosi, kompyuta ndiyo imejumlisha. Mimi sijagusa.”

“Basi kama haikukosea, kuna mtu ananiuzia mafuta kando.”

Aliposema hivyo alitazama nje, kwenye pampu. Jioni ile wale vijana wawili waliambiwa wasije kazini mpaka jambo litazamwe. Pengo kati ya kichwa cha meneja na karatasi yangu lilikuwa shilingi 129,000. Mwenye pampu hukatwa shoti kwenye mshahara, na shoti ya kiasi hicho ni kufukuzwa kwa jina lingine.

Nataka niseme kweli kuhusu nilivyojisikia. Sikuwaza vijana kwanza. Niliona fahari. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho sauti ya mkubwa haikuweza kukizima, na jibu la “kompyuta haidanganyi” lilikuwa tayari ulimini. Mtu mdogo akipata karatasi inayompinga mkubwa, huipenda karatasi ile kabla ya kuichunguza.

Kilichonizuia ni swali nililomuuliza kwa hasira tu, si kwa hekima: “Kwani bosi, Ijumaa hiyo uliona nini?” Naye akajibu bila kufikiri. Alikuwa amepita kituoni alfajiri akielekea Mombasa. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka kwenye lami, hata yeye alishindwa kuingia.

Hilo nililijua. Nilikuwepo. Nilikumbuka dereva mmoja aliyejaza lita 300 mwendo wa saa kumi na dakika ishirini alfajiri, akalipa kwa noti zilizofungwa mpira. Nikafungua faili kumtafuta. Kati ya mistari ya Ijumaa hakuwepo. Nikamkuta mbele zaidi, Jumamosi, amevaa muda huu:

```
2024-05-11T01:20:00Z
```

Hapa yapo mambo mawili, na yote mawili niliyapita bila kuyaona. La kwanza ni ile herufi Z mwishoni. Inamaanisha kuwa mfumo unaandika saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwenye ukuta wetu ilikuwa 4:20, kwenye faili 1:20. Utaniuliza, mbona hukushtuka? Nafikiri ni kwa sababu sisi tumelelewa na saa isiyolingana na midomo yetu. Mshale uko kwenye nne, mdomo unasema kumi. Tumezoea kutafsiri bila kujua tunatafsiri. Nilipoona saa ya ajabu kwenye faili, niliichukulia kuwa lahaja nyingine tu ya saa.

La pili ni kosa langu kabisa. Fomula yangu ya tarehe ilikuwa hii:

```
=LEFT(C2,10)
```

Yaani chukua herufi kumi za mwanzo za muda na uziite siku. Ni rahisi, na kwa zamu ya mchana haikosei kamwe. Kwa zamu ya usiku inaukata usiku vipande viwili. Tarehe ya faili hubadilika saa sita usiku ya kimataifa, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Kwa hiyo kila kilichouzwa kati ya saa tisa na saa kumi na mbili alfajiri ya Jumamosi kilihamia Jumamosi. Na kuna ubaya zaidi: mauzo ya alfajiri ya Ijumaa yenyewe, ambayo ni mkia wa zamu ya Alhamisi, yaliingia kwenye Ijumaa yangu. Ripoti ilibeba alfajiri ya wengine na kuiacha alfajiri yetu.

Nikahesabu upya kwa kidole, mstari kwa mstari. Mkia wa Alhamisi ulikuwa 38,000. Nikautoa, zikabaki 253,000. Alfajiri ya Jumamosi, ile ya foleni, ilikuwa 98,000. Nikaiongeza: 351,000.

Kosa la namna hii lina hila. Kwenye jumla ya mwezi halipotezi chochote isipokuwa alfajiri za mwanzo na mwisho wa mwezi, kwa kuwa kinachotoka Ijumaa kinaingia Jumamosi. Ukikagua mwezi mzima utaona kila kitu kiko karibu sawa na utalala usingizi mzuri. Linaonekana tu pale usiku mmoja unapofuatwa na alfajiri tofauti sana na iliyoutangulia, na pale mtu fulani anapokumbuka foleni.

Lakini 351,000 si 420,000. Bado kulikuwa na pengo la 69,000, na vijana bado walikuwa nyumbani. Kurekebisha ripoti hakukutosha, kwa sababu faili lenyewe lingeweza kuwa na upungufu. Nilihitaji shahidi wa tatu asiyetegemea faili wala kichwa cha mtu. Pampu ina mita ndani yake isiyorudi nyuma, ambayo huhesabu kila lita tangu pampu ilipofungwa. Msimamizi huinakili kwenye daftari kila zamu inapoanza na inapoisha. Nikatoa namba ya kufungulia kutoka ile ya kufungia, pampu zote mbili: lita 1,950. Bei ya wiki ile tuseme shilingi 180. Zidisha: 351,000. Pesa zilizokabidhiwa, taslimu na M-Pesa pamoja, zilikuwa 350,800. Shoti ya shilingi 200, ambayo kwa usiku wa kurudisha chenji gizani ni kitu cha kawaida.

Basi ile laki nne na ishirini ilitoka wapi? Nilimpelekea meneja hesabu ofisini, mlango ukiwa umefungwa, na nikaanza na kosa langu. Nilimwambia: “Bosi, ulikuwa na haki kuhusu alfajiri. Ripoti yangu iliiacha.” Alinyamaza, kisha akasogeza kiti. Nadhani kama ningeanza na kosa lake angeinuka. Tukafungua madaftari ya zamani pamoja. Laki nne na ishirini ilikuwepo kweli, kwa mwandiko wangu: Ijumaa tarehe 22 Desemba 2023, watu wote wako barabarani kwa Krismasi. Ilitokea mara moja. Ijumaa nyingine zote tulizozipitia zilikuwa chini yake.

Hakudanganya. Alikumbuka usiku bora na akauita usiku wa kawaida, kama tunavyofanya sote tunapokumbuka mvua za zamani au ndoa yetu ilivyokuwa. Kumbukumbu huhifadhi kilichosimama juu ya vingine. Usiku wa kawaida hauna pa kushika, kwa hiyo unaanguka.

Swali ninalolibeba tangu siku hiyo ni hili: mkubwa akiwa na uhakika na mdogo akiwa na karatasi, mdogo anawajibika kufanya nini? Zamani ningejibu kwamba ashike karatasi yake. Sasa naona jibu hilo lingewatupa vijana wawili, kwa kuwa karatasi yangu ya kwanza ndiyo iliyotoa ushahidi dhidi yao. Pengo la 129,000 halikutengenezwa na meneja peke yake. Sehemu ya 60,000 niliitengeneza mimi, kwa fomula ya herufi kumi.

Lakini kunyenyekea mbele ya kumbukumbu nako kungewatupa vilevile. Nimefikia kuamini kwamba mtu anayekumbuka ni shahidi wa alichokiona, si wa jumla. Muulize kuhusu foleni, dereva, saa, mvua. Hapo ana maarifa ambayo jedwali halina. Ukimuuliza kiasi, atakupa usiku wake bora. Na jedwali nalo ni shahidi wa jumla tu: litajumlisha chochote utakachokiita Ijumaa, bila kukuuliza Ijumaa ni nini. Wajibu wa mwenye karatasi ni kujibu swali hilo yeye mwenyewe kabla karatasi haijafika mkononi mwa mwenye uwezo wa kumfukuza mtu.

Vijana walirudi kazini Jumatatu. Hawakuombwa radhi. Mmoja aliniuliza ni nini hasa kilichotokea, nikamwambia mauzo ya alfajiri yalikuwa yamehesabiwa siku nyingine. Alicheka kicheko kifupi. “Kwa hivyo tulikuwa wezi siku tatu kwa sababu ya saa?” Sikuwa na jibu. Siku mbili za mshahara wao hazikurudishwa mpaka nilipoandika barua, na niliiandika kwa kuchelewa.

Fomula ya sasa huongeza saa tatu ili kurudi nyumbani, kisha hupunguza sita ili siku iishe saa kumi na mbili asubuhi. Kwa pamoja ni kupunguza tatu:

```
=INT(DATEVALUE(LEFT(C2,10))+TIMEVALUE(MID(C2,12,8))-3/24)
```

Na juu ya ripoti siandiki tena “Ijumaa”. Lugha yetu ilikuwa na neno sahihi muda wote, lile watangazaji wa redio hulisema kila siku. Naandika: usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Chini yake, kwa wino, naandika namba ya mita.